Aliyesimama Mlangoni: Uchambuzi wa Kisa cha Picha ya Idi ya Mwaka 1977

Kisa hiki kilinifikia siku tatu baada ya hitima ya mwaka mmoja wa marehemu. Nina duka dogo Tanga ambalo kazi yake kubwa ni kukarabati picha za zamani, na aliyeingia asubuhi ile alikuwa Bibi wa miaka themanini na zaidi, ameshikwa mkono na binti yake, huku nyuma yao kijana mmoja akiwa amebeba fremu iliyofunikwa kanga. Baada ya shikamoo na marahaba, Bibi aliketi, akaamuru kanga iondolewe, kisha akanyoosha kidole kwenye kioo bila kukigusa. "Mwanangu," aliniambia, "huyu bwana hakuwepo. Nataka uniambie ni nani aliyemtia humu."

Bwana aliyeonyeshwa alikuwa mume wake, ambaye hitima yake ndiyo iliyokuwa imesomwa. Kijana aliyebeba fremu alikuwa mjukuu wao, naye ndiye aliyeikuza picha ile na kuileta hitimani kama zawadi kwa nyumba. Watu walipokuwa wakiisifu, Bibi aliitazama kwa muda mrefu, akauliza imetoka wapi, kisha akaingia chumbani na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka. Kufikia siku ya tatu nusu ya ukoo ilikuwa imeshaamua kwamba kijana, ambaye kila mtu anajua kuwa hacheki na simu yake, alimchomeka babu yake kwa kompyuta ili apate kusifiwa. Kijana alikana. Ninaandika kisa hiki kwa ridhaa yao, bila kutaja jina la yeyote.

Nianze na picha yenyewe. Ni kundi la watu saba mbele ya nyumba ya udongo iliyopigwa lipu, yenye baraza na mlango wa mbao ulio wazi. Katikati ya baraza ameketi mama mkwe wa Bibi kwenye kiti cha mkono. Kulia kwa kiti, kwa upande wa mtazamaji, amesimama Bibi mwenyewe akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na chini ya baraza wamepangwa watoto wanne, wa mwisho upande wa kushoto akiwa mvulana mwenye kanzu inayomzidi urefu. Nyuma yao, katika uwazi wa mlango baina ya mama mkwe na Bibi, anaonekana mume kuanzia kifuani kwenda juu, amevaa koti na tai. Bibi anasema picha ilipigwa siku ya Idi ya kufungua, Septemba 1977, baada ya swala ya alasiri, na kwamba mlango ule siku hiyo ulikuwa mtupu kwa sababu mwenye nyumba alikuwa Mombasa.

Maneno hayo ya mwisho yanahitaji maelezo kwa wasomaji vijana. Mume alikuwa mfanyakazi wa bandari, akiwa ameajiriwa na shirika la bandari la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa miaka kadhaa alikuwa akipanda basi mwisho wa mwezi kupitia Lungalunga na Horohoro, safari ya kilomita zisizofika 200, akakaa siku mbili na kurudi kazini. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ikavunjika. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Yeye alibaki upande wa pili kwa muda wote huo. Kwa nini hakuacha kazi akarudi kwa njia nyingine, wakati wapo waliorudi, ni jambo ambalo Bibi hakutaka kulizungumza dukani kwangu, nami sikumuuliza. Kilichokuwa wazi ni kwamba kwake picha ya Idi ile ilikuwa ushahidi. Alikuwa na nakala yake nyumbani, ndogo, yenye mlango mweusi nyuma ya bega lake, na kwa zaidi ya miaka arobaini aliitazama akijua inachokisema. Sasa ilikuja nyingine ambayo ilisema kinyume chake.

Hapa lazima nikiri kosa langu la kwanza. Nilichukua lenzi ya kukuzia mara kumi, nikaiweka juu ya picha iliyokuwa kwenye fremu, yenye ukubwa wa sentimita 40 kwa 50, na mara moja nikaona vitone vidogo vya wino vilivyotawanyika kama mchanga, alama ya printa ya wino. Nikaona pia kwamba uso wa babu ulikuwa laini kupita kiasi, hauna hata punje za filamu, wakati ukuta ulio kando yake una punje nyingi. Nikamwambia Bibi kwamba, kwa maoni yangu, picha imechezewa katika kompyuta. Kijana alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka. Nilikuwa nimesema jambo la kweli kuhusu kitu kisichohusika. Picha ile kubwa ilikuwa nakala ya nakala: iliskaniwa, ikapitishwa katika programu ya kusafisha sura, ikachapishwa upya. Vitone vya wino vilinieleza jinsi nakala ya mwisho ilivyotengenezwa, na ulaini wa uso ulinieleza kwamba programu ilikuwa imeutambua uso mmoja mkubwa na kuupaka laini zaidi kuliko nyuso nyingine. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoeleza ni lini babu aliingia mlangoni. Mtu anayeletewa picha ya kuchunguza na asiulize kwanza "iko wapi ile iliyotangulia hii?" atatoa hukumu kama niliyotoa mimi, na kuna mtu atakayeumia kwa hukumu hiyo.

Kijana alirudi mchana akiwa na bahasha ya karatasi ya kaki. Alisema aliipata katika sanduku la bati la babu yake, lile alilorudi nalo Tanga na ambalo halikufunguliwa mpaka alipofariki, kwa kuwa ufunguo alikuwa nao mwenyewe. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha mbili. Moja ilikuwa chapa ya sentimita 12 kwa 16, yenye babu mlangoni, na hiyo ndiyo aliyoiskani. Nyingine, ambayo hakuishughulikia kwa sababu ilikuwa ndogo na imekunjika pembe moja, ilikuwa ya mraba, kama sentimita 9 kila upande. Nitairudia hiyo ndogo baadaye, kwani ndiyo iliyobadilisha kisa kizima, lakini sikuijali mwanzoni, kama yeye alivyokuwa hakuijali.

Swali la kwanza lilikuwa kama chapa ya sentimita 12 kwa 16 ni ya zamani kweli, au ni kitu cha juzi kilichotengenezwa kionekane cha zamani. Chini ya lenzi haikuwa na vitone vya wino, lakini hilo peke yake halitoshi, kwa sababu maabara za siku hizi huweza kuchapa faili la kompyuta kwenye karatasi halisi ya picha kwa mwanga, na matokeo yake hayana vitone. Niliangalia karatasi. Ilikuwa nene, ya nyuzi, isiyo na ngozi ya plastiki ile inayopakwa karatasi za picha zilizoenea kuanzia miaka ya sabini, na ilikuwa imejikunja kidogo kuelekea upande wa picha kama zinavyofanya karatasi za aina hiyo zinapokaa miaka mingi. Kisha niliiinamisha mbele ya dirisha, na pale kwenye weusi wa mlango na kwenye kingo nikaona kile nilichokuwa nakitafuta: utando unaong'aa kama bati, wa rangi ya samawati na fedha, unaoonekana kwa pembe moja na kutoweka kwa nyingine. Utando huo ni fedha yenyewe ya picha, ambayo kwa miaka mingi ya unyevu na hewa chafu huhama kutoka ndani ya tabaka la jelatini na kuja juu. Huanzia sehemu nyeusi kwa kuwa huko ndiko fedha iliko nyingi. Programu ya kompyuta yaweza kuchora manjano na mikwaruzo, lakini haiwezi kuweka utando huo kwenye karatasi.

Nilijaribu pia taa ya rangi ya zambarau, ile ambayo wenye maduka hukagulia noti, kwa sababu karatasi zenye kemikali ya kung'arisha weupe huwaka chini yake. Karatasi hii iliwaka kidogo. Ninalitaja jaribio hili ili kumwonya msomaji kuhusu mipaka yake: kemikali hizo zimekuwa zikitiwa katika karatasi za picha tangu miaka ya hamsini, kwa hiyo kuwaka kungenisaidia kama mtu angedai picha ni ya mwaka 1930, lakini baina ya 1977 na leo hakuniambii chochote. Kijana alifurahi alipoona inawaka, akidhani imethibitika. Nikamtuliza.

Karatasi ilikuwa ya zamani, basi. Swali lililofuata lilikuwa kama babu yumo kwa haki au amewekwa, maana ilibaki uwezekano kwamba Bibi amesahau. Binti yake alikuwa ameshaanza kuunong'ona uwezekano huo, kwamba mama umri umekwenda. Hapo ndipo jua la Tanga lilipomtetea Bibi.

Nyumba ile inatazama kaskazini. Ingali ipo, na niliwahi kuipita. Mpigapicha alikuwa ameelekea kusini, kwa hiyo magharibi iko mkono wake wa kulia, na katika picha mwanga wote unatoka kulia. Mvulana wa mwisho kushoto ametupa kivuli chake chote chini, kikilala kushoto, na kwa kukipima nilikiona kina urefu wa kama mara moja na nusu ya urefu wake. Katikati ya Septemba jua la kwetu hupita karibu na utosi adhuhuri, na wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake ukiongeza kile kidogo cha adhuhuri. Kivuli cha mara moja na nusu, basi, ni cha muda mfupi baada ya swala kuingia, takriban saa kumi. Bibi alikuwa amesema "baada ya alasiri", na kivuli cha mwanawe kikasema hivyohivyo. Kumbukumbu yake ilikuwa salama.

Sasa, jua likiwa magharibi na nyumba ikitazama kaskazini, mwanga hupita sambamba na ukuta karibu kabisa, na paa lililojitokeza juu ya baraza hulitia baraza lote kivulini. Mama mkwe na Bibi wamewekwa kwenye ukingo wa baraza, nje ya kivuli cha paa, na ndiyo sababu nusu ya kulia ya nyuso zao inang'aa na nusu ya kushoto ni nyeusi. Ukuta ulio nyuma yao ni wa kijivu. Ndani ya mlango ni giza tupu. Mtu aliyesimama mlangoni alipaswa kuwa mweusi kuliko wote, pengine asionekane sura. Babu anang'aa. Mashavu yake yote mawili yana mwanga sawa, kivuli cha pua yake kinashuka moja kwa moja juu ya mdomo badala ya kulala shavuni kama kwa wengine, na ndani ya kila jicho kuna nukta mbili nyeupe, ambazo ni taswira za taa mbili. Alipigwa picha studioni, usiku au mchana haijulikani, mbele ya taa mbili zilizowekwa kulia na kushoto, na siyo kwenye baraza lile.

Yapo na mengine. Kichwa chake ni kikubwa kidogo kuliko cha Bibi, ingawa yuko nyuma yake na alipaswa kuwa mdogo kwa umbali. Kando ya bega lake la kushoto umekimbia uzi mweupe mwembamba kuliko unywele. Na koti lenyewe: Bibi alicheka kwa mara ya kwanza alipoliona kwa lenzi. "Tai! Siku ya Idi, watu wote kanzu, yeye tai! Hili si lake. Hili la studio." Studio nyingi zilikuwa na koti na tai vikining'inia nyuma ya mlango kwa ajili ya wateja, na mara nyingi koti lilikuwa la saizi moja kwa watu wote, ndiyo maana mabega ya babu yameanguka.

Wasomaji waliozoea kudhani kwamba picha zilikuwa za kweli mpaka kompyuta zilipokuja watashangaa, lakini kazi ya kumwongeza mtu katika picha ilikuwa huduma ya kawaida katika studio za mwambao. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, mpigapicha aliyejifundisha mwenyewe, ambaye studio yake ilijulikana kwa picha za kuunganisha, na hakuwa peke yake katika ufundi huo. Kazi ilifanywa hivi. Mteja alileta picha bila negativu, kwa hiyo mpigapicha aliibandika picha hiyo ukutani na kuipiga picha, akapata negativu mpya, akachapa nakala kubwa. Kisha alimketisha mteja studioni na kumpiga, akamchapa kwa ukubwa unaokadiriwa kulingana na wale wengine. Alimkata kwa wembe kufuata mabega na nywele, akamgeuza na kuusugua ukingo wa karatasi kwa msasa laini kutokea nyuma mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, akaupaka wino wa kijivu ili weupe wa karatasi usionekane, ndipo akambandika kwa gundi mahali pake. Mwisho aliuweka mchanganyiko huo mbele ya taa mbili zilizoelekezwa kwa pembe sawa, akaupiga picha upya, na chapa iliyotoka ndiyo aliyokabidhiwa mteja.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowapoteza wachunguzi. Nilipolaza chapa ya babu mezani na kumulika tochi kutoka ubavuni, ukingo wa karatasi iliyobandikwa haukuonekana, kwa sababu haupo. Kidole kikipita juu yake hakigusi kitu. Anayetafuta kipande kilichobandikwa hatakikuta. Kinachobaki ni dalili za kunakili: nyeupe zimekuwa nyeupe mno, nyeusi zimeziba, na maua ya kanga ya mama mkwe, ambayo katika nakala ya Bibi yanahesabika, hapa yamekuwa madoa. Babu peke yake ana maelezo makali, kwa kuwa yeye alinakiliwa mara moja na wenzake mara mbili. Kwa mwanga wa ubavuni nilichokiona ni vijidoa vinne visivyong'aa, kando ya shingo na chini ya kidevu, ambapo fundi alipitisha brashi kuficha ule uzi mweupe. Kwenye bega alipasahau. Au pengine mteja alikuwa na haraka.

Lazima nimsifu fundi huyo kwa jambo moja. Alikuwa na uchaguzi wa mahali pa kumweka babu, na mahali pa kawaida pangekuwa pembeni mwa kundi, ambapo hakuna wa kumzuia. Lakini pembeni angehitaji miguu, na miguu inahitaji kivuli kinacholala kushoto chenye urefu wa mara moja na nusu, na viatu vinavyokanyaga mchanga. Mlangoni hakuhitaji chochote kati ya hivyo. Mama mkwe na Bibi walimfunika kuanzia kifuani kwenda chini, na weusi wa mlango ulimeza nusu ya kingo zake. Ni chaguo la mtu anayejua kazi. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Bibi, na ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimekosea tena.

Nilikuwa nimeinua ile picha ndogo ya mraba ili nimwonyeshe jinsi mlango ulivyokuwa kabla ya kazi. Matundu manne ya pini yalikuwa kwenye pembe zake, kwa hiyo hii ndiyo iliyobandikwa ukutani na kunakiliwa. Na katikati ya weusi wa mlango, nilipoiinamisha, ilionekana alama ya msalaba mdogo wa penseli, inayong'aa juu ya giza kama inavyong'aa risasi ya penseli. Fundi hana haja ya kujiwekea alama juu ya picha ya mteja ilhali ana nakala yake mwenyewe ya kuchezea. Alama kama hiyo huwekwa kaunta, mteja anapoulizwa: unataka kusimama wapi? Siwezi kuapa kwamba mkono uliochora ulikuwa wa babu, lakini mahali palichaguliwa na aliyekuwa akizungumza na fundi, na aliyekuwa na sababu ya kutaka kusimama katika mlango ule ni mwenye mlango.

Nje ya bahasha palikuwa na maandishi ya haraka ya duka, namba ya kazi, kisha "kopi, ongeza mtu 1", na chini yake 3/79. Kama ni mwezi na mwaka, kama desturi ya studio ilivyokuwa, basi ni Machi 1979, wakati mpaka umefungwa, na zaidi ya miaka minne kabla hajarudi. Jina la studio halikuwa limechapwa. Kijana hakuwa amezaliwa wala hakukaribia kuzaliwa, na nilimwomba radhi mbele ya bibi yake na mama yake mdogo. Aliitikia kwa kichwa tu.

Lakini Bibi alikuwa ameshaacha kutusikiliza. Alikuwa ameichukua ile picha ndogo na kuigeuza. Nyuma yake, kwa kalamu ya wino iliyofifia, palikuwa na mwandiko ambao hata mimi, niliyekuwa nimemwona akitia saini kwenye kitabu changu cha kazi asubuhi, niliutambua. Paliandikwa: "Idi 1977. Wote wazima. Mama anakuuliza." Alikuwa ameiandika yeye na kumpa mtu wa ukoo aliyekuwa akienda Mombasa kwa njia ya bahari. Mtu yule hakurudi Tanga, na barua mbili tatu zilizofika baadaye kutoka kwa mume hazikutaja picha. Kwa hiyo Bibi aliamini kwamba haikumfikia. Au, kwa siku zake mbaya, kwamba ilimfikia na hakuona haja ya kujibu. Mume aliporudi mwaka 1983 mama yake alikuwa ameshafariki. Bibi hakumuuliza kuhusu picha, naye hakuitoa sandukuni, na wakaishi hivyo mpaka alipomzika.

"Ilifika," alisema. Binti yake alidhani anazungumzia picha kubwa na akaanza kumweleza upya habari ya studio. Bibi alimkatiza. "Nasema ilifika."

Katika kazi yangu mteja anayeletewa ukweli huo huwa na maombi mawili. La kwanza ni kumwondoa aliyeongezwa, jambo ambalo linawezekana kwa nusu saa iwapo nakala ya awali ipo, nami nilikuwa tayari kulifanya kwenye nakala mpya bila kugusa chapa ya zamani, maana chapa ya mwaka 1979 ni kitu chenye historia yake na siyo kosa la kusahihishwa. La pili ni kumboresha ili asionekane ameongezwa: kupunguza kichwa, kutia kivuli shavu la kushoto, kuufuta uzi wa begani. Ombi hilo huwa nalikataa, na nilikuwa nimeshaandaa maneno. Bibi hakuomba lolote kati ya hayo. Aliomba ile kubwa ya mjukuu ichapwe upya bila ule ulaini wa uso, "kwa sababu alikuwa na ndui hapa na hapa, msimfanye mtoto", na kwamba ile ndogo iwekwe ndani ya fremu hiyohiyo, nyuma, ikiwa imegeuzwa mwandiko utazame nje, ili anayeishusha ukutani auone.

Nilimshauri jambo moja tu la kitaalamu. Picha mbili zinazopingana zikikaa nyumba moja bila maelezo, baada ya kizazi kimoja mtu ataitupa moja au ataiita ya uongo, kwa hiyo ni vizuri maelezo yaandikwe sasa, kwa penseli laini, nyuma ya karatasi na kwenye ukingo usio na picha, kwa sababu wino wa kalamu za siku hizi hupenya na kutokeza mbele. Alikubali, akasema niandike mimi kwa kuwa mkono wake unatetemeka. Alinitajia majina kuanzia kushoto, mtoto mmoja mmoja, akimsahihisha binti yake aliyekosea nani alikuwa na miaka mingapi. Tulipofika mlangoni nikasita na penseli. Kijana alipendekeza tuandike "aliongezwa studioni". Binti akasema hapana, tuandike "hayupo pichani", kama magazeti yanavyofanya. Bibi alifikiri kidogo.

"Andika jina lake," alisema, "halafu andika: alikuja baadaye."

Niliandika hivyo, na tarehe 3/79 kando yake katika mabano, kwa kuwa nilitaka atakayechunguza baada yangu aipate. Aliniuliza mabano yale ni ya nini. Nikamweleza. Akasema yafute, halafu akasema yaache, kisha akamtuma mjukuu wake akatafute bajaji.